Kura Tisa Zilizowekwa Pembeni

Katika ajenda za mkutano mkuu wa chama cha msingi cha ushirika, uchaguzi kwa kawaida huwa mwishoni. Mkutano hutangulizwa na muhtasari wa mwaka uliopita na yatokanayo, taarifa ya bodi, hesabu zilizokaguliwa na makisio ya msimu ujao. Kufikia hapo jua limeshapinda, waliotoka vitongoji vya mbali wanaangalia saa, na wengine wameshaondoka kimyakimya baada ya chakula. Ndipo mtu mmoja anasimama mbele na karatasi mkononi kutangaza nani atakiongoza chama kwa kipindi kijacho. Hotuba yake haizidi dakika tano, lakini kama kutakuwa na malalamiko kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, mengi yatatokana na yale aliyoyasema, au aliyoyaruka, katika dakika hizo.

Mshindi haihitaji hotuba hiyo, kwa kuwa ameshasikia anachokitaka. Inamlenga aliyeshindwa na watu wake, ambao kesho watakutana na mshindi kwenye mizani, wakisubiri zamu ya kupima kahawa. Wakiondoka ukumbini bila kuelewa hesabu ilivyokwenda, watajitungia hesabu yao wenyewe.

Tuchukue chama cha mfano. Nimekitunga mimi na tarakimu zake pia, ili zitufikishe mahali pagumu. Ni chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, AMCOS kama wengi wanavyoviita, mahali fulani kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Daftari lake lina wanachama 318. Masharti yake yanataka mwenyekiti achaguliwe na mkutano mkuu kwa kura ya siri. Mwenyekiti anayemaliza muda wake hagombei tena, kwa hiyo wanachama wamemwomba aongoze uchaguzi, na afisa ushirika yupo kushuhudia. Angekuwa anagombea, au hata mdogo wake anagombea, kiti kingekaliwa na mwenyekiti wa muda. Wagombea ni wawili, na kwa kuwa ni watu wa mfano tu nitawaita kwa alama zilizochapwa kwenye karatasi ya kura, yaani taa na kikapu.

Hotuba yenyewe inakwenda hivi:

“Ndugu wanachama, naomba tukae. Ndugu afisa ushirika, wagombea wetu, mawakala, wazee wetu na kina mama. Nitasoma tarakimu kwanza, mshindi nitamtaja mwisho. Naomba makofi yasubiri.

Tulipoanza kupiga kura, tulihesabiwa wenye haki ya kupiga kura tuliokuwa ukumbini, tukawa 214. Karatasi zilizochapwa na kupigwa muhuri wa chama zilikuwa 230. Zilizogawiwa ni 217, kwa sababu wenzetu watatu walikosea, wakarudisha walizopewa kwanza, wakapewa nyingine. Hazikutumika 13. Hizo 13 na zile 3 zilizorudishwa zipo hapa mezani mbele ya afisa ushirika. Kwa hiyo sandukuni tulitegemea kukuta karatasi 214. Tumekuta 212. Mbili hazikutumbukizwa, na kama kuna mtu anazo mfukoni, sasa hivi ni karatasi tu.

Katika hizo 212, karatasi 9 zimewekwa pembeni. Nne ni tupu, hazina alama yoyote. Mbili zimewekewa tiki kwa wagombea wote wawili. Mbili tiki imekaa juu ya mstari wa katikati, haijulikani imeelekea wapi. Moja mpiga kura ameandika jina lake na kutia saini. Mawakala wa pande zote mbili wameziona moja moja na wameweka saini kwenye fomu. Zimebaki kura halali 203.

Mwenye alama ya taa amepata kura 98. Mwenye alama ya kikapu amepata kura 105. Ukijumlisha, 203. Tofauti ni kura 7.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba zilizoharibika ni tisa na tofauti ni saba. Ana haki ya kuuliza. Zile nne tupu hatuwezi kumpa mtu yeyote, hazisemi kitu. Zimebaki tano. Hata tungezichukua zote tano, pamoja na zile mbili zenye tiki kwa wote wawili, tukampa mwenye taa, angefika 103. Mwenzake ana 105.

Masharti yetu yanasema anayechaguliwa ni aliyepata zaidi ya nusu ya kura halali. Nusu ya 203 ni 101 na nusu, kwa hiyo zilitakiwa kura 102. Mwenye kikapu amepata 105. Natangaza kwamba ndiye mwenyekiti wetu mpya. Sasa makofi, na tuyapige kwa wote wawili.”

Hapo anakaa. Hajaimba, hajasema ushindi ulikuwa wa kishindo, hajawashukuru wagombea kwa ukomavu wao wa kisiasa. Kila alichokisema kina kazi.

Tuanze na ile 214, ambayo wengi wanaikosea kabla hata sanduku halijafunguliwa. Asubuhi, kwenye daftari la mahudhurio, walisaini watu 241. Mwenyekiti asiye makini angeichukua hiyo 241 kama idadi ya wapiga kura, na jioni angejikuta akieleza kura 27 zilizopotea, wakati ukweli ni kwamba watu 27 walikwenda kukama ng’ombe. Mahudhurio ya asubuhi yanaonyesha kama mkutano ulikuwa na akidi ulipofunguliwa. Hayaonyeshi nani alikuwepo wakati wa kupiga kura. Kwa hiyo watu huhesabiwa upya karatasi zinapoanza kugawiwa, milango ikiwa na mtu wa kuiangalia, na akidi huthibitishwa tena hapo hapo. Hesabu hiyo hufanywa kwa sauti, safu kwa safu, ili kila aliyeketi aisikie.

Kutoka 214 tunafuata karatasi. Zilizochapwa ni 230, zikagawiwa 217, zikabaki 13. Zilizogawiwa ukitoa 3 zilizorudishwa, ni 214. Njia yote hiyo ina lengo moja, kujua kabla ya kufungua sanduku ni karatasi ngapi zinapaswa kuwemo. Wasimamizi wazoefu, wakishalifungua, huanza kuhesabu karatasi zikiwa zimekunjwa, bila kusoma hata moja. Wakipata 212 huandika 212 ubaoni, kisha ndipo wanazikunjua. Sababu yake ni rahisi. Jumla ikishatangulia na kuandikwa, hakuna anayeweza kuongeza karatasi katikati ya kuhesabu baada ya kuona mgombea wake anazidiwa. Kura za wagombea na zile zilizoharibika zitalazimika kurudi kwenye 212 ile ile.

Tofauti ya karatasi mbili kati ya 214 na 212 haina uzito mkubwa. Katika kila mkutano kuna mtu aliyeweka karatasi kwenye mkoba akasahau, au aliyeamua kutopiga kura lakini akaona aibu kuikataa karatasi mbele ya jirani. Kinachotisha ni kinyume chake. Sanduku likiwa na karatasi 216 wakati zilizopaswa kuwemo ni 214, basi kuna mbili zilizoingia bila kugawiwa, na hakuna njia ya kuzitambua kati ya zenzake zenye muhuri ule ule. Wapo watakaosema kwamba kama mshindi ameongoza kwa kura 50, karatasi mbili haziwezi kubadilisha kitu, na kwa hesabu tupu wana hoja. Mimi naona uchaguzi huo urudiwe papo hapo watu wakiwa bado wamo ukumbini. Aliyeingiza mbili zilizoonekana huenda amebadilisha nyingine zisizoonekana, na kurudia saa hiyo kunagharimu nusu saa tu. Vyovyote vile, jibu liwe kwenye utaratibu uliosomwa kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Halitungwi baada ya kuona nani anaongoza.

Karatasi 3 zilizorudishwa zinahitaji neno lao, kwa sababu ni rahisi kuzichanganya na zile 9. Mtu anayekosea kabla hajaitumbukiza karatasi yake hajapoteza haki yoyote. Anairudisha kwa msimamizi, inakunjwa na kuwekwa kwenye bahasha, anapewa nyingine. Karatasi hiyo haikuwahi kuwa kura. Zile 9 ziliingia sandukuni, wenyewe waliondoka wakiamini wamepiga kura, na hawana nafasi ya pili. Mwenyekiti akisema “zilizoharibika ni 12”, hesabu yake haitafunga na hatajua kwa nini. Atasimama pale akijumlisha na kutoa kwenye simu yake mbele ya watu mia mbili, na minong’ono itaanza.

Sasa zile tisa zenyewe. Katika uchaguzi wenye tofauti ya kura 90, zilizoharibika tisa husomwa kwa pumzi moja na hakuna anayegeuza shingo. Hapa tofauti ni 7, na 9 ni kubwa kuliko 7. Kila anayejua kuhesabu ameshaliona hilo. Mwenyekiti akisoma “kura zilizoharibika tisa” kisha akaendelea na shughuli, amewaachia watu wa taa hoja inayosikika kuwa nzito, kwamba ushindi wao umo ndani ya lile rundo dogo pembeni ya meza.

Dawa yake ni kuzipanga kwa sababu. Kura nyingine zinawekwa pembeni kwa kuwa mpiga kura hakusema chochote, nyingine kwa kuwa alisema mambo mawili yanayopingana, na nyingine kwa kuwa alisema jambo ambalo wahesabu hawakuweza kulisoma kwa uhakika. Ubishani wa haki unaweza kuzuka kwenye fungu hilo la mwisho tu. Karatasi tupu haina upande, hata umlete wakili kutoka Dar es Salaam. Karatasi yenye tiki mbili imewapa wote wawili sawasawa. Ile yenye jina na saini ni kisa tofauti, kwa sababu alama yake huenda inaonekana wazi kabisa, lakini siri imevunjika. Vyama vingi huikataa, maana ukiikubali umefungua mlango wa mtu kununua kura na kudai uthibitisho wa maandishi.

Kwa hiyo kati ya tisa, zinazoweza kubishaniwa ni tatu, yaani mbili za mstarini na moja ya saini. Mwenyekiti wetu alikwenda mbali zaidi kwa makusudi. Alizichukua tano zote zenye alama akampa aliyeshindwa, akaonyesha kwamba bado hazitoshi. Ni njia nzuri, kwa sababu haimtaki mtu wa taa akubali uamuzi wowote wa wahesabu. Inamwambia kwamba hata kama walikosea kila mahali walipoweza kukosea, na makosa yote yakawa dhidi yake, matokeo ni yale yale. Kauli hiyo inamwezesha aliyeshindwa kwenda nyumbani akalala.

Na kama hesabu isingetoka hivyo? Tuseme tupu ingekuwa moja tu, na nane zilizobaki zote ni za tiki iliyokaa mstarini. Tofauti ni saba, zinazobishaniwa ni nane. Hapo hakuna hotuba itakayookoa jambo. Mwenyekiti anapaswa kusimama na kusema kwamba hatangazi kitu bado, kisha zile nane zirudiwe kutazamwa moja moja mbele ya mawakala na afisa ushirika, kwa kigezo kimoja kilichotajwa kwa sauti, kama vile kwamba kura ni ya upande ambako sehemu kubwa ya tiki imeangukia. Kigezo kinatajwa kabla ya kuinua karatasi ya kwanza. Kikitajwa baada ya ya tatu, kila mtu atajua kilitafutwa kwa ajili ya nani.

Vyama vingi vidogo havina karatasi zenye alama. Mwanachama hupewa kipande cheupe kilichokatwa kwa rula, akaambiwa aandike jina la anayemtaka. Ni rahisi na hakuna gharama ya kuchapa, lakini kila kipande ni kesi inayosubiri. Upande huo wa Kilimanjaro akina Mushi, Massawe na Lyimo wamejaa kila safu, na wagombea wawili wakiwa na jina moja la ukoo, kipande kilichoandikwa “Massawe” peke yake hakisemi lolote. Wapo wanaoandika jina la utani, au “Baba” fulani, kwa kuwa ndivyo wanavyomwita kila siku, na wote ukumbini wanajua ni nani. Kikubaliwe au kisikubaliwe? Mimi ningekikubali kama hakuna mgombea mwingine anayeitwa hivyo, kwa sababu kazi ya karatasi ya kura ni kuonyesha nia, si kupima imla. Lakini hata hilo lisemwe mapema. Tena mwandiko unatambulika. Katibu aliyeandika stakabadhi za wanachama kwa miaka kumi anaijua “M” ya kila mtu, na katika chama cha watu mia mbili kura ya kuandikwa ni siri nusu tu.

Alama zinaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Sisi tumezizoea tangu uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965, wagombea wawili wa TANU katika jimbo walipopewa mmoja jembe na mwingine nyumba. Chama cha ushirika kisingefanya vyema kuiga jozi hiyo. Mbele ya wakulima, jembe lina uzito ambao nyumba haina. Taa na kikapu zinakaribiana zaidi, ingawa nakubali kwamba kwa mchuma kahawa kikapu nacho si mgeni.

Tukija kwenye nusu, hapa ndipo hotuba ya mwenyekiti ingeweza kumgeuka. Alisema masharti yanataka zaidi ya nusu ya kura halali. Halali ni 203, zinatakiwa 102, mshindi ana 105. Sasa fikiria masharti yangesema “zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa”, na chama kikaelewa kwamba zilizopigwa ni zote zilizokutwa sandukuni. Hizo ni 212. Nusu yake ni 106, zinatakiwa 107, na mwenye kura 105 hajachaguliwa. Wakichukua waliokuwepo, 214, zinatakiwa 108. Watu ni wale wale na sanduku ni lile lile, ila chama kimoja kina mwenyekiti mpya na kingine kinarudia uchaguzi.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani katika ngazi ya nchi. Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa mwaka 2013, Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433, ambazo zilikuwa asilimia 50.07. Asilimia hiyo ilipatikana kwa kugawanya kwa kura zote 12,330,028, zikiwemo 108,975 zilizokataliwa. Mahakama ya Juu ilipoletewa suala hilo iliamua kwamba kura iliyokataliwa ni batili, kwa hiyo haiingii katika hesabu ya kutafuta nusu. Ukigawanya kwa kura halali peke yake, ile 50.07 inakuwa 50.51. Ushindi haukubadilika, lakini pale ambapo kizingiti ni nusu na mgombea amekikaribia kiasi hicho, kura zilizowekwa pembeni ndizo zinazoamua kama amekivuka kwa unywele au kwa hatua nzima.

Hukumu hiyo haikifungi chama cha msingi cha Tanzania. Vyama vyetu vinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013, kanuni zake, na masharti ya kila chama yaliyosajiliwa kwa Mrajis. Kwa hiyo kabla ya siku ya mkutano mwenyekiti na katibu wafungue kitabu cha masharti na kusoma kifungu cha uchaguzi neno kwa neno. Kikisema “kura halali”, wana bahati. Kikisema “kura zilizopigwa” bila kufafanua, wamwulize afisa ushirika na wautangazie mkutano tafsiri itakayotumika, karatasi zikiwa bado hazijagawiwa. Masharti mengine hayataki nusu kabisa, mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi. Chini ya utaratibu huo, wagombea wakiwa watatu mtu anaweza kushinda kwa kura 80 kati ya 203. Kuna chama kitakachoridhika na hilo na kingine kitakachonung’unika miaka mitatu, lakini kama masharti ndivyo yasemavyo, mwenyekiti hana la kuongeza.

Mwenyekiti wetu hakutaja asilimia hata mara moja, na nadhani alifanya vizuri. 105 kati ya 203 ni asilimia 51.7. Katika ukumbi wa watu mia mbili asilimia haimsaidii mtu kuona kitu, inampa desimali tu ya kubishia. Kura saba ni watu saba. Ushirika tangu wafumaji wa Rochdale kule Uingereza mwaka 1844 umejengwa juu ya mwanachama mmoja kura moja, awe na hisa tano au mia. Ndani ya kampuni tofauti ya kura saba inaweza kuwa mfuko wa mtu mmoja. Ndani ya AMCOS ni majirani saba.

Kuna hesabu nyingine ya tofauti ambayo hakuitoa, nayo ni sahihi kabisa. Ili matokeo yageuke hazihitajiki kura saba. Watu wanne waliompigia kikapu wangempigia taa, kikapu angebaki na 101 na taa angekuwa na 102. Kila anayehama anapunguza upande mmoja na kuongeza mwingine, kwa hiyo uhamaji wa watu wanne unatosha kufuta tofauti ya saba na kuzidi. Mwanahesabu angependa kulisema hilo. Ningekuwa mimi mwenyekiti nisingelisema hadharani. Katika kijiji, “wanne” si takwimu. Kabla jua halijazama watu watakuwa wameshawataja kwa majina hao wanne waliosaliti, na angalau watatu kati yao watakuwa wamesingiziwa. Saba ni tofauti, na inatosha kutangazwa.

Tofauti ndogo haipunguzi ushindi. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961, kiti cha Chake Chake kilikwenda kwa ASP kwa kura moja, na kura hiyo ilihesabiwa kama kura nyingine zote, katika mwaka ambao vyama vilitoshana nguvu kiasi kwamba ililazimu kurudi tena kwenye masanduku mwezi Juni. Lakini mwenyekiti anayetangaza tofauti ya saba hana sababu ya kuongeza maneno kama “ushindi mnono”. Wanachama 98 wamemsikia, na wamo katika chama kile kile.

Mpangilio wa kusoma nao una akili yake. Wagombea wakiwa wawili, ukisema tarakimu ya kwanza umeshasema ya pili, maana kila mtu ameshaijua 203. Mwenyekiti alifuata mpangilio wa majina kwenye karatasi ya kura, na hilo ndilo linalofaa, kwa sababu haliwezi kulaumiwa. Alichokizuia kwa nguvu ni makofi ya mapema. Tarakimu ya mshindi ikitangulia, shangwe inamaliza hotuba, na maelezo ya zile tisa, yaani ile sehemu ambayo aliyeshindwa anaihitaji, yanasomwa katikati ya vigelegele na vumbi la watu wanaombeba mshindi juu juu.

Baada ya hotuba kuna kazi ndogo ambayo wengi huiacha kwa uchovu. Fomu ya matokeo hujazwa tarakimu zote zilizosomwa, kuanzia 230 hadi 7, na kusainiwa na mwenyekiti wa uchaguzi, wahesabu, mawakala na afisa ushirika. Kila wakala hupata nakala. Siku hizi wengi huipiga picha kwa simu, nayo inasaidia mradi saini zote zionekane. Karatasi za kura hazichomwi jioni ile, hata kama kuna anayependekeza hivyo kwa nia njema ya kulinda siri. Huwekwa kwenye bahasha nne, za taa, za kikapu, zile tisa, na zile ambazo hazikuingia sandukuni. Zinafungwa kwa lakiri au gundi, saini zinapita juu ya kifungo, na zinakaa kwa afisa ushirika au kwenye kasha la chama lenye funguo mbili hadi muda wa kupokea malalamiko upite. Bahasha ya zile tisa iandikwe kwa juu sababu na idadi: tupu 4, tiki mbili 2, mstarini 2, saini 1. Mtu wa taa akija wiki ijayo na barua, katibu hatakuwa na haja ya kumweleza kitu kwa mdomo. Atamfungulia mbele ya mashahidi, wahesabu pamoja.